Kiwanja cha milioni 8: umepata faida, au umeuza tu?

"Ardhi haishuki bei." Ukikaa na madalali wa Chanika au Kigamboni utaisikia hiyo kabla hata soda haijafunguliwa. Kwenye makaratasi mara nyingi wana haki. Shida ni kwamba bei ya dalali na pesa inayoingia mfukoni mwako siku ya kuuza ni vitu viwili tofauti.

Tupige hesabu ya mfano. Umenunua kiwanja kwa milioni 8. Kupima na kufuatilia hati kumekula milioni 1.5. Halafu kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi na kijana wa kufyeka majani na kuangalia bikoni, tuseme 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka 8 hiyo ni 960,000. Jumla umetoa milioni 10.46.

Sasa mtoto anaingia chuo, unataka kuuza. Majirani wanakuambia eneo hilo linakwenda milioni 16. Unatangaza. Mwezi wa kwanza hamna mtu. Wa tatu wanakuja wawili, wanapiga picha, wanapotea. Mwezi wa sita anatokea mwenye milioni 13 taslimu, na ada ya chuo haisubiri. Unakubali.

Dalali anachukua asilimia 10, yaani milioni 1.3. Serikali nayo inatoza kodi ya asilimia 10 ya faida. Ukitoa gharama za kununua, za hati na za dalali, faida ni milioni 2.2, kwa hiyo kodi ni 220,000. Unabaki na milioni 11.48. Ondoa ile 10.46 uliyotoa: miaka 8 imekuletea kama milioni moja na kidogo. Ile milioni 9.5 ya mwanzo ingekaa mahali inapozaa asilimia 7 kwa mwaka, leo ingekuwa zaidi ya milioni 16, na ungeitoa bila kumbembeleza mtu.

Na hapo hakuna aliyekudai kiwanja. Mgogoro ndio unaomaliza watu.

Wengi wetu tunanunua kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Ule mhuri unaonyesha kwamba mliuziana mbele ya mwenyekiti. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye eneo, na hauzuii kiwanja hicho hicho kuuzwa tena wiki ijayo kwa mtu mwingine mwenye karatasi inayofanana na yako.

Kama eneo lina hati, usiridhike na nakala uliyotumiwa WhatsApp. Chukua namba ya hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona jina la mmiliki, kama benki imeishika kwa mkopo, na kama kuna zuio. Angalia pia miaka. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati inakupa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1996 si mali sawa na ya miaka 99.

Eneo lisilopimwa halina rejesta ya kupekua, kwa hiyo kazi inakuwa ya miguu. Mlipe mpima achukue vipimo vya pembe zote kwa GPS, kisha vipelekwe idara ya ardhi ya halmashauri vilinganishwe na ramani ya mipango miji. Hapo ndipo watu wanagundua kwamba "kiwanja" chao kiko kwenye hifadhi ya barabara au eneo la shule. Zungumza na majirani wa pande zote bila dalali kuwepo. Kama ni shamba la marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. "Sisi watoto tumekubaliana" haitoshi, maana yupo mmoja Mwanza ambaye hajakubaliana na chochote. Na kama muuzaji ana mwenzi, naye aridhie kwa maandishi.

Ukishanunua, usikiache kimya. Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ukikaa mbali na mtu akajenga kibanda, akapanda migomba na kuzoeleka, muda huo unahesabika upande wake. Ndiyo maana yule kijana wa kufyeka si gharama ya kubana. Akutumie picha za bikoni kila baada ya miezi mitatu, na risiti zote uziweke kwenye faili moja. Siku ya kuuza, gharama isiyo na risiti ni vigumu kuitoa kwenye faida, na utailipia kodi kana kwamba uliipata.