Umeachia Joistiki, Mbona Mchezaji Bado Anakimbia?

Unacheza gemu kwenye simu. Gumba la kushoto limeshika joistiki, kile kiduara cha kumwelekeza mchezaji, na la kulia limebonyeza kitufe cha kuruka. Unaachia joistiki ili asimame, lakini yeye anachomoka mbio kuelekea kulia na kutumbukia shimoni. Wengi hulaumu kioo, ilhali mara nyingi kosa liko katika namna gemu inavyotambua vidole.

Kila kidole kinapogusa kioo, simu hukipa namba ya utambulisho, na namba hiyo haibadiliki hadi kidole kiinuke. Pamoja na namba hizo kuna orodha ya vidole vilivyopo kiooni kwa wakati huo. Orodha hii ni kama foleni: wa mbele akiondoka, wa nyuma anachukua nafasi yake. Tatizo huanza pale gemu ya kwenye kivinjari inapoandikwa ili joistiki isome `touches[0]`, yaani kidole chochote kilicho mbele ya foleni.

Tuseme kitovu cha joistiki kiko pikseli 120 kutoka ukingo wa kushoto, na kitufe cha kuruka kiko pikseli 700. Gumba lako la kushoto liko 90, kwa hiyo mchezaji anakwenda kushoto. Ukiliinua huku la kulia likiwa bado limebonyeza, la kulia linakuwa la kwanza kwenye orodha. Likitikisika kidogo tu, joistiki inasoma 700 na kudhani umevuta pikseli 580 kwenda kulia.

Dawa yake ni fupi. Joistiki ikiguswa, ihifadhi namba ya kidole hicho na kupuuza vingine vyote:

```js
if (t.identifier !== kidoleChaJoistiki) return;
```

Kidole hicho kikiinuka, joistiki irudi katikati. Irudi vilevile simu inapokatiza mguso, mathalani simu ya mtu inapoingia. Tukio hilo huitwa `touchcancel`, na likisahauliwa joistiki hukwama upande mmoja. Kwenye Unity namba hiyo ni `fingerId`, na kwenye Android husomwa kwa `getPointerId`.

Kasoro ya pili ni kitufe kutoitika wakati joistiki imeshikwa. Hapo kitufe huwa kinasubiri `click`, ambayo kwa kawaida kivinjari hakiitoi kwa kidole cha pili. Kisubiri `pointerdown` badala yake.

Kabla ya kulaumu simu yako ya Android, fungua `Developer options` na uwashe `Pointer location`. Weka vidole viwili kiooni, kisha inua kimoja. Ikiwa alama ya kidole kilichobaki haihami, kioo hakina kosa. Mwandikie mtengenezaji wa gemu, umweleze kidole kipi kilitangulia kugusa na kipi kilitangulia kuinuka. Maelezo hayo yatamwezesha kuiona kasoro kwa macho yake.