Usuli wa mhusika mwovu

Usuli wa mhusika mwovu ni sehemu ya hadithi inayoeleza maisha ya mhusika huyo kabla ya uovu wake: alizaliwa wapi, alipoteza nini, alidhulumiwa na nani, au alitamani nini akakikosa. Hutumika sana katika hadithi za fantasia, yaani zile zenye majini, uchawi na nchi za kubuni. Wahakiki wa fasihi hutofautisha kazi mbili zinazoweza kufanywa na usuli. Kazi ya kwanza ni kueleza sababu ya tendo. Ya pili ni kumwondolea mtendaji lawama. Usuli unaweza kufanya kazi ya kwanza bila kuifanya ya pili, na katika fasihi ya Kiswahili mfano wa jambo hilo ni "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert (1909–1962), iliyotolewa mwaka 1952.

Hadithi kwa ufupi

Adili ni liwali wa Janibu chini ya mfalme Rai wa nchi ya Ughaibu. Anasifiwa kwa uadilifu, lakini kila usiku huwapiga manyani wawili kwa mjeledi. Mjumbe wa mfalme anaona jambo hilo na kulipeleka kwa Rai, naye Adili anaitwa kujieleza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kitabu ni maelezo ya mambo yaliyopita, yanayotolewa mbele ya mfalme.

Adili anasimulia kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki waligawana urithi. Wale wawili walisafiri kwa biashara wakarudi mikono mitupu, naye Adili akagawana nao mali yake. Baadaye walisafiri pamoja. Safarini Adili alifika katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akampata humo msichana aliye hai, Mwelekevu. Ndugu zake wakamtamani msichana huyo, wakamtosa Adili baharini usiku. Adili aliokolewa na Huria, jini ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwokoa. Huria akawageuza wale ndugu kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku.

Sababu iliyowekwa katika jina

Wahakiki wameonyesha kwamba hadithi hii inafanana sana na kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze katika Alfu Lela u Lela. Katika kisa hicho ndugu wawili waligeuzwa mbwa, na aliyetaka maelezo alikuwa Khalifa Harun Rashid. Majina yao ni Nasir na Mansur, ambayo kwa Kiarabu yana maana njema: mwenye kunusuru na mwenye kunusuriwa. Msomaji hawezi kuutabiri uovu wao kutokana na majina hayo.

Shaaban Robert aliwapa ndugu hao majina ya Hasidi na Mwivu. Kwa njia hiyo sababu ya uovu, ambayo ni wivu, inajulikana tangu wahusika wanapotajwa. Wahakiki wengi huwaita wahusika wa namna hii wahusika bapa, kwa kuwa kila mmoja amebeba sifa moja na habadiliki kwa urahisi. Lawama inayotolewa mara nyingi ni kwamba jina la aina hiyo linafunga mlango wa hiari: aliyeitwa Hasidi angefanya nini kingine isipokuwa kuhusudu?

Lawama hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo. Ikiwa mtu hana hiari, hana pia hatia, na adhabu ya kila usiku ingekuwa dhuluma tupu. Hadithi haikubali hivyo. Inawahesabu ndugu hao kuwa wenye hatia.

Kwa nini usuli hauwi udhuru

Yapo mambo matatu ndani ya hadithi yanayozuia usuli usigeuke udhuru.

La kwanza ni kuwepo kwa Adili mwenyewe. Alizaliwa na baba yule yule, akafiwa siku ile ile, akapata fungu lake katika urithi ule ule. Kama kufiwa na kugawana mali ndiko kulikozaa uovu, basi naye angekuwa mwovu. Ndugu mwema anaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo.

La pili ni umbali kati ya jeraha na tendo. Hasidi na Mwivu walipata hasara ya kweli, na aibu ya kulishwa na mdogo wao ni jambo ambalo msomaji anaweza kulielewa. Lakini aliyetoswa baharini si yule aliyewasababishia hasara. Ni yule aliyewafidia. Kadiri tendo linavyomwangukia asiyehusika, ndivyo usuli unavyobaki maelezo tu.

La tatu ni kwamba mateso ya waovu nayo yanaulizwa. Mfalme Rai haridhiki kwa kusikia tu kwamba manyani wana hatia. Anaingilia kati ili adhabu ikome. Adili naye ana usuli wake: anapiga kwa sababu ameamriwa na jini. Maelezo hayo yanaondoa shaka kwamba yeye ni mkatili, lakini hayafanyi kipigo kiwe jambo jema. Kipimo kilichotumika kwa ndugu waovu kinatumika pia kwa mwema.

Mwisho wa hadithi

Tofauti ya kueleza na kusamehe inaonekana zaidi mwishoni. Katika Alfu Lela u Lela, ndugu wale wanarudishiwa umbo la binadamu, wanajaribu tena kumuua Abdallah, kisha wanauawa. Kwa Shaaban Robert hadithi inaishia kwenye toba na upatanisho. Hata hivyo msamaha huo hautokani na usuli. Rai hasemi kwamba wivu ni jambo la kawaida na kwa hiyo halina kosa. Msamaha unakuja baada ya kosa kutajwa kwa jina lake, na anayetoswa ndiye anayelieleza.

Hapo pia pana udhaifu ambao msomaji makini huona. Usuli wa waovu unasimuliwa na mtu waliyemdhulumu, wakati wao ni manyani wasio na lugha. Adili anaaminika, lakini msomaji hapati kusikia jinsi wivu ulivyokua ndani ya Hasidi kwa maneno yake mwenyewe.

Ulinganisho na filamu ya kisasa

Filamu "Black Panther" ya mwaka 2018 inafanya kinyume: mhusika mwovu, Killmonger, anajieleza mwenyewe. Baba yake aliuawa na mfalme T'Chaka wa Wakanda, ndugu yake wa damu, na mtoto akaachwa Oakland, Marekani. Wahakiki walitofautiana. Christopher Lebron aliilaumu filamu kwa kumfanya Mmarekani Mweusi mwenye madai ya haki kuwa ndiye mwovu. Adam Serwer aliona kwamba lengo la Killmonger halikuwa ukombozi bali utawala wa mabavu juu ya dunia.

Kipimo cha umbali kati ya jeraha na tendo kinasaidia hapa pia. Kudai kiti cha enzi kunaelezwa na kifo cha baba. Kumpiga risasi Linda, mpenzi wake mwenyewe, anaposhikwa mateka na mshirika wake, hakuelezwi nacho. Msomaji au mtazamaji anaweza kumhurumia mtoto aliyeachwa Oakland, na bado akamhesabia mtu mzima damu ya Linda.