Tarakimu Ishirini na Anayezisubiri

Kijana anayeanza kazi kwenye kitengo cha malalamiko ya LUKU hukaribishwa na skrini iliyojaa mistari. Kila mstari ni tiketi moja: namba ya mita, kiasi kilicholipwa, saa ya malipo na maneno machache kama "pesa imekatwa, tokeni haijaja". Elfu tano. Elfu mbili. Elfu kumi. Mistari hiyo inafanana sana, na ikifika mchana macho huacha kusoma, vidole vikabaki vinabofya vyenyewe. Kwa hiyo kila linapokuja kundi jipya, sisi tunaowapokea hatuanzi na taratibu za ofisi. Tunaanza na mita.

Jambo la kwanza tunalowaambia huwashangaza wengi: ofisi haina namna ya kuingiza umeme kwenye nyumba ya mteja. Mita za LUKU zilizozoeleka hazina mawasiliano yoyote na mfumo wa mauzo. Mfumo haujui kama nyumba fulani ina taa au iko gizani, wala uniti ngapi zimebaki. Kinachotoka ofisini ni tarakimu 20 tu, na njia pekee ya kuzifikisha kwenye mita ni vidole vya mteja. Tarakimu zisipomfikia, au zikimfikia zikiwa na kasoro, hakuna fundi wala meneja atakayebonyeza kitufe mahali fulani taa zikawaka kwake. Kilichobaki ni yule anayeisoma tiketi.

Tarakimu hizo si namba za kubahatisha. Zinatengenezwa kwa utaratibu uitwao STS, ulioanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Ndani yake kuna idadi ya uniti na muda ambao tokeni ilitengenezwa, vyote vikiwa vimefumbwa kwa ufunguo wa mita moja tu. Tokeni yako haitaingia kwa jirani hata kama mita zenu zilitoka kiwanda kimoja. Mita nayo hukumbuka tokeni ilizokwisha pokea, hivyo iliyotumika ukiiingiza mara ya pili itaikataa. Mfanyakazi mpya akishayaelewa haya mawili, nusu ya kazi ameshaipata, maana ataanza kusikia kitu katika maneno ya mteja badala ya kuona "mita mbovu" kila mahali.

Sasa chukua tiketi ya kawaida kabisa. Saa moja na robo usiku, shilingi 5,000, pesa imekatwa kwenye simu, tokeni haijafika. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, elfu tano ni kama uniti 14. Kwenye skrini ni mstari mdogo kati ya mistari mingi, na anayetazama fedha tu atauruka kwenda kwenye muamala wa laki mbili. Lakini tuseme aliyenunua ni mama anayetotolesha vifaranga nyumbani. Mashine yake inatakiwa ikae karibu na nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21, na mayai yake yako kwenye siku ya kumi na mbili. Umeme ukikatika kwa saa chache na mashine ikabaki imefungwa, mayai mengi huvumilia. Usiku mzima ni habari nyingine. Asubuhi mama huyo atajua tu kwamba trei nzima inaweza kuwa imeharibika, na wateja walioweka oda ya vifaranga atawaeleza nini? Tiketi haisemi lolote kuhusu mayai. Haina hata nafasi ya kuyaandika. Ndiyo maana tunawafundisha vijana wasipime uzito wa tiketi kwa kiasi cha pesa. Anayenunua umeme wa elfu mbili mara nyingi ndiye asiyekuwa na elfu mbili nyingine.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kwenye mfumo wa mauzo kwa namba ya mita. Usitafute kwa namba ya simu peke yake, kwa sababu watu hununuliana umeme: mtoto yuko Dar es Salaam, mita iko kwa wazazi Songea. Ukishaipata mita, utakuta moja kati ya hali tatu, na kila moja ina jibu lake.

Huenda tokeni ilitengenezwa ila ujumbe mfupi ukapotea njiani. Hapo unamtumia mteja tokeni ile ile, na kazi imekwisha ndani ya dakika moja. Huenda pesa imefika lakini tokeni haikutengenezwa kwa sababu mifumo ilisubiriana hadi muda ukapita. Hapo muamala unapelekwa upya ili tokeni itoke, baada ya kuhakikisha kweli haikutoka, maana ukikosea mteja atapata tokeni mbili kwa malipo ya moja na hesabu itakuja kumdai mtu. Hali ya tatu ndiyo inayoumiza: pesa imeondoka kwenye simu ya mteja lakini kwetu haijaonekana. Iko njiani, kati ya mtandao wa simu na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG.

Hali hii ya tatu ndiyo inayowaangusha vijana wengi. Kwa kuwa pesa haijaonekana, kijana huandika "malipo hayajapokelewa", anafunga tiketi na kuendelea na nyingine. Alichoandika ni kweli tupu. Lakini mama wa vifaranga akipiga simu kwa mtandao wa simu ataambiwa pesa ilishatumwa, aulize watu wa umeme. Atarudi kwetu aanze upya, tiketi mpya, mwisho wa foleni. Namna sahihi ni kuchukua namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wake wa malipo, kuifuatilia sisi wenyewe kwa wenzetu wa upande wa pili, na kumwambia mteja wazi pesa yake imesimama wapi. Pia tunamwambia hivi: kama ana namna ya kupata elfu moja nyingine, anaweza kununua umeme wa kuvukia usiku bila kuathiri madai yake ya kwanza. Sentensi hiyo moja ingeweza kuokoa mayai yale, na haimo kwenye fomu yoyote.

Kuna tiketi ambazo hazina hitilafu yoyote, nazo pia ni za watu. Mwanzoni mwa mwezi huja nyingi za "uniti zimepungua". Tangu 2021 kodi ya majengo nchini hukusanywa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, inayokatwa kwenye ununuzi. Aliyezoea kupata uniti 14 kwa elfu tano atapata kama 10 hivi siku hiyo. Kumjibu "mfumo uko sawa" ni kumwacha akiamini ameibiwa. Msomee risiti mstari kwa mstari, kodi hii hapa, umeme huu hapa, na mwezi ujao hatapiga tena.

Funzo kubwa kuliko yote lilikuja 2024. STS ilikuwa ikihesabu muda wa tokeni kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishiwa ufunguo kabla ya siku hiyo isingepokea tokeni mpya tena. Nchi zote zinazotumia mfumo huu, kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya na Tanzania, zililazimika kuzifikia mita zao, na njia ilikuwa ile ile: vidole vya mteja. Aliponunua umeme alipata makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kubadilisha ufunguo na hayakuleta uniti hata moja. La tatu ndilo lililokuwa na umeme.

Hebu fikiria mzee aliye kijijini anayepokea tarakimu 60 kwa mpigo. Wengi walirukia la mwisho, wakakataliwa, maana mita ilikuwa bado na ufunguo wa zamani. Wengine waliingiza la kwanza, wakaona uniti hazikupanda, wakadhani ni utapeli wakaacha hapo hapo. Kwenye foleni malalamiko yote haya yalionekana kwa maneno yale yale: "tokeni inakataa". Tofauti ilipatikana kwa swali moja tu, umeanza na lipi?

Kulikuwa pia na mtego usioonekana. Mtu aliyekuwa amenunua tokeni akaiweka akiba bila kuiingiza, akishabadilisha ufunguo ile akiba haikubaliki tena, kwa sababu ilifumbwa kwa ufunguo uliokwisha ondolewa. Mfanyakazi aliyemwambia mteja "ingiza haya mawili kwanza" bila kumuuliza kama ana tokeni ya zamani mkononi, alimpotezea umeme aliokwisha ulipia. Hakuvunja utaratibu wowote. Ni swali tu ambalo hakuuliza.

Hadi leo, tiketi ya "tokeni inakataa" tunaifundisha kwa kuanzia kwenye mita. Muulize mteja kioo kinaandika nini, herufi kwa herufi, kwa kuwa maneno hutofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Mita ikisema tokeni imeshatumika, mwombe atazame uniti zilizobaki. Huenda mtu mwingine nyumbani ameshaiingiza. Ikikataa namba zenyewe, msomee upya, maana saba na moja zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi huchanganywa mno. Mwulize pia kama hiyo ndiyo mita anayotumia sasa, kwani waliohama nyumba huendelea kununua kwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu, na tokeni wanayopata hukubaliwa na mita ile ya zamani tu. Kioo kikiwa hakionyeshi chochote na kifaa cha kubonyezea kimetenganishwa na mita, kagua betri kabla ya kumtuma fundi. Na usimwambie ajaribu tu tena na tena, kwa kuwa baadhi ya mita hujifunga kwa muda zikiingiziwa namba zisizo sahihi mara nyingi.

Baada ya hapo hubaki suala la kufunga tiketi, ambalo huwa tunalirudia kuliko lolote. Kutuma tokeni hakutoshi kufunga. Tiketi hufungwa mteja akisema uniti zimeingia. Asipopokea simu, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeme ulivyokatika chaji nayo iliisha, na kimya chake ni sehemu ya tatizo lenyewe. Kwa hiyo unamwandikia ujumbe atakaoukuta atakapowasha simu: tokeni yenyewe imegawanywa nne nne kama inavyosomeka kwenye kioo cha mita, namba ya mita inayohusika, idadi ya uniti, na namba ya tiketi ili akipiga asianze upya. Tiketi unaiacha wazi, unaandika saa utakayompigia tena, na ukimaliza zamu unamwonyesha mwenzako anayeingia iko wapi.