Ampea-saa Zinazokwama Ndani ya Betri

Betri mbili za volti 12 zimepangwa rafu moja dukani, na zote zimeandikwa 100 Ah. Moja ni ya risasi na asidi, nyingine ni ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfati ambayo siku hizi hufungwa kwenye mifumo mingi ya sola. Mnunuzi anaona namba moja na bei mbili, anachukua ya bei nafuu. Kinachomponza ni kwamba namba hiyo, kwenye betri ya risasi, ina sharti: kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa saa 20, yaani ampea 5 tu.

Sasa tuchukue pampu ya maji ya wati 500. Ukiiendesha kwa inveta, pamoja na umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, betri itadaiwa ampea 50 hivi. Hesabu ya harakaharaka inasema 100 gawanya kwa 50, pampu itafanya kazi saa mbili. Betri ya risasi haifiki huko. Mwaka 1897 mwanasayansi wa Kijerumani, Wilhelm Peukert, alieleza upungufu huu kwa kanuni ambayo leo huandikwa hivi:

```
t = H × (C / (I × H))^k
```

Hapo t ni muda utakaoupata, H ni saa zilizotumika kupima, C ni ujazo ulioandikwa, na I ni ampea unazotumia. Herufi k ndiyo tabia ya betri yenyewe. Ikiwa 1, betri haijali kasi; kadiri inavyozidi 1, ndivyo inavyoadhibu anayevuta umeme kwa nguvu. Kwa betri ya risasi yenye k ya 1.25, pampu yetu itazima baada ya kama saa 1 na dakika 7, ikiwa imepata ampea-saa 56 tu. Kwa ya lithiamu yenye k ya 1.05, tukiichukulia kuwa nayo imepimwa kwa saa 20, muda unafika saa 1 na dakika 47, sawa na ampea-saa 89.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye asidi. Ndani ya betri ya risasi, asidi ya salfa hailetwi pale kupitisha umeme tu, yenyewe huliwa. Pleti zote mbili, ya risasi na ya oksidi ya risasi, huichukua na kugeuka kuwa salfati ya risasi, huku maji yakibaki. Pleti hizo zina vitundu vidogo vingi, na asidi iliyomo humo ndiyo huliwa kwanza. Nyingine inabidi ipenye kutoka nje, na kupenya huko ni kwa polepole. Kwa ampea 5 asidi inawahi. Kwa ampea 50 vitundu vya ndani hubaki na maji matupu, na salfati, ambayo haipitishi umeme, huziba milango ya vitundu hivyo upande wa nje. Volti zinaanguka, inveta inazima, na katikati ya pleti kuna risasi nyingi ambayo haijaguswa.

Ndiyo maana nasema ampea-saa hizo zimekwama, hazijapotea. Iache betri hiyo ipumzike saa kadhaa na volti zitapanda zenyewe, kwa kuwa asidi imepata muda wa kuingia ndani. Pampu haitakwenda mbali, lakini taa ndogo ya ampea 1 itawaka kwa muda mrefu. Usiifanye desturi, kwa kuwa kuimaliza betri ya risasi kiasi hicho hufupisha maisha yake.

Kwenye lithiamu kimiminika hakiliwi. Ayoni za lithiamu hutoka upande wa grafiti, huvuka, na kuingia upande wa fosfati. Kila moja inayoingia kwenye kimiminika upande huu, nyingine hutoka upande ule, hivyo chumvi iliyomo haipungui. Safari nayo ni fupi. Tabaka lililopakwa kwenye karatasi za alumini na shaba huwa halifiki hata milimita 1, wakati pleti ya betri ya risasi hupimwa kwa milimita. Kinachobaki kupunguza umeme ni ukinzani wa ndani, unaogeuka joto, na joto hilo lenyewe huzisaidia ayoni kwenda mbio. Kwa sababu hiyo k ya lithiamu hubadilika na joto: asubuhi yenye baridi kali betri hiyohiyo itatoa kidogo. Kanuni ya Peukert huchukulia joto lisilobadilika, kwa hiyo kwa lithiamu ni makadirio tu.

Ukitaka k ya betri unayouziwa, tafuta kwenye karatasi yake vipimo viwili. Ikiwa inatoa ampea 5 kwa saa 20 na ampea 16 kwa saa 5, gawanya logi ya 20/5 kwa logi ya 16/5. Utapata kama 1.19. Ya lithiamu mara nyingi hupimwa kwa saa chache, hivyo angalia saa kabla ya kulinganisha.

Nayo lithiamu huweza kuzima ghafla pampu inapowashwa. Pima volti baada ya kuitoa pampu: zikiwa karibu 13.2, betri haijaisha. Mota hudai ampea nyingi zaidi inapoanza kuzunguka, na saketi ya ulinzi ndiyo iliyokata.