Facebook inasema maelezo haya njo yameshinda: je, ni kweli ao ni bahati tu?

Mtu anayeweka video fupi kwenye Facebook anajua shida hii: video iko tayari, lakini maelezo ya kuandika pamoja nayo yanasumbua. Je, aandike wazi kilicho ndani ya video? Ao aulize ulizo la kushtua ili watu wafungue?

Mwezi wa 11 mwaka 2023, kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilitangaza chombo cha kusaidia katika jambo hilo kwa video za Reels. Mwenye video anaandika maelezo mbalimbali, hata manne. Chombo kinaonyesha kila maelezo kwa kundi lake la watu, kwa muda uleule. Kisha dakika 30, maelezo yaliyopata watazamaji wengi yanatangazwa mshindi na yanabaki kwenye ukurasa.

Kugawa watu namna hii ni kuzuri. Zamani wengi waliweka video leo na maelezo haya, kesho wanairudilia na maelezo mengine, kisha wanalinganisha. Lakini pengine kesho yake umeme ulikatika mtaa mzima, ao ilikuwa siku ya soko. Tofauti ilitoka kwa siku, si kwa maneno. Chombo kinaondoa shida hiyo. Kinachobaki ni shida ya kusoma matokeo.

Mfano wa video juu ya maji

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana wa Uvira, wanaotengeneza video ya kufundisha namna ya kutia dawa katika maji ya kunywa ili kujikinga na kolera. Wanaandika maelezo mawili. A inasema: «Namna ya kutia dawa katika ndoo ya maji, hatua kwa hatua.» B inasema: «Maji haya yanaweza kuua mtoto wako leo!»

Kisha nusu saa, A imefunguliwa mara 41 na B mara 58. Chombo kinasema B imeshinda. Mmoja katika kikundi anasema: «Njo vile, batu banapenda ya kushtua. Tangu leo tuandike vile tu.»

Hapo njo mtu anaanza kujidanganya.

Rusha franga mara 99

Jumla ya waliofungua ni 99. Mtu akirusha sarafu mara 99, hatapata nusu kwa nusu kila siku. Mara moja hivi kwa kila mara kumi, upande mmoja utafika 58 ao zaidi, ijapokuwa sarafu ni nzuri kabisa. Maana yake, hata kama maelezo A na B yana nguvu sawasawa, tofauti kama ile inaweza kujitokeza yenyewe.

Kuna hesabu nyepesi ya kupima jambo hilo, kama makundi mawili yalikuwa sawasawa. Chukua jumla ya waliofungua, tafuta kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inatoa jumla ile. Kwa 99 ni karibu 10. Kisha uizidishe mara mbili: 20. Tofauti kati ya A na B inapaswa kupita namba hiyo ndipo mtu aanze kuiamini. Hapa, 58 kutoa 41 inabaki 17. Haikufika.

Ukurasa mkubwa wenye kufunguliwa mara elfu kumi katika nusu saa unaweza kuona tofauti ndogo. Ukurasa mdogo wa mtaa hauwezi, na chombo kitataja mshindi hata hivyo.

Ukiweka maelezo manne, hatari inaongezeka. Hata maelezo manne yenye nguvu sawa, yakigawana watu 100, hayatapata 25 kila moja. Ni kawaida ya kwanza kufika karibu 30 na ya mwisho kubaki karibu 20. Anayeangalia tu ya kwanza na ya mwisho ataona tofauti kubwa ambayo haina sababu yoyote.

Jaribu kitu kimoja juu ya chenyewe

Tena, watu si sarafu. Mama mmoja akituma video katika kundi la WhatsApp la familia, ndugu kumi na tano wanaweza kuifungua kwa pamoja. Hao wote wanaweza kuhesabiwa upande mmoja, ijapokuwa sababu ni mtu mmoja.

Kwa kujua ukurasa wako unayumba kiasi gani, weka maelezo yaleyale pande zote mbili, tofauti iwe nukta moja tu mwishoni. Ukipata 38 kwa 55, umejifunza jambo kubwa: nukta haileti watu 17. Hiyo ni kuyumba kwa ukurasa wako. Rudilia mara tatu ao ine, na tofauti kubwa utakayoona njo kipimo chako. Mshindi yeyote asiyepita kipimo hicho, usimwamini bado.

Kushinda nini?

Jambo lingine ni kitu kinachohesabiwa. Chombo kinahesabu waliofungua. Lakini vijana wa Uvira hawakutengeneza video ili ifunguliwe tu. Wanataka mtu afike mahali panapoonyeshwa kipimo cha dawa.

Tuseme takwimu za video zinaonyesha kwamba kati ya 58 waliofungua B, 12 tu walifika hapo. Kati ya 41 wa A, walifika 19. Sasa A inaonekana njo nzuri. Lakini hesabu ni ileile: jumla 31, kipeuo chake ni karibu 5 na nusu, mara mbili ni 11, na tofauti ni 7. Hata hii haitoshi. Mtu asikatae matokeo ya B kwa sababu ni machache, kisha akubali ya A yaliyo machache zaidi kwa sababu yanamufurahisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka video, kikundi kinaandika katika daftari kitu kimoja kitakachohesabiwa. Mtu akingoja matokeo kwanza, hatakosa namba moja ya kumupendeza.

Video 12, si moja

Ukurasa mdogo una njia moja nzuri: kurudilia. Kikundi kinaamua mbele kwamba video 12 zinazofuata zote zitajaribiwa, maelezo ya wazi juu ya maelezo ya kushtua, kisha kinahesabu ni mara ngapi kila namna imeshinda. Ushindi wa 8 kwa 12 bado si kitu; kwa bahati tupu, namna moja inaweza kuufikia mara moja hivi kwa tano. Ushindi wa 10 ao zaidi ni vigumu kutoka kwa bahati.

Sharti ni kufika mpaka 12. Anayesimama kwenye video ya nne kwa sababu namna anayoipenda iko mbele 3 kwa 1, amechagua mshindi yeye mwenyewe.

Na matokeo hayo yanahusu ukurasa huo, na watu wanaokuwa na mega saa ile ya kuweka video. Waliojaribiwa saa mbili ya usiku wanaweza kutofautiana na wa saa ine ya asubuhi. Na kama kisha video 12 matokeo ni 7 kwa 5, hakuna namna iliyoshinda. Hapo kikundi kinaweza kuandika maelezo yanayosema wazi kilicho ndani ya video, bila kuogopesha watu bure.