Saratani ikiingia ukoo, ni nani apimwe kwanza?

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka sasa makazi yangu ni Section 58, Nakuru. Mwaka jana jirani yangu, mwenzetu wa Pwani, aligunduliwa saratani ya titi akiwa na miaka 41. Habari zilipofika nyumbani, wadogo zake wawili walinipigia simu: wapimwe wapi ile jeni ya saratani? Wao wazima, hawaumwi popote, ila hofu imewajaa.

Niliwaambia wangoje kwanza. Anayeanza kupimwa ni mgonjwa mwenyewe.

Sababu ni hii. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Katika wagonjwa 100, wenye ugonjwa uliotokana na jeni ya kurithi ni kama watano hadi kumi tu. Jeni zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Kila binadamu anazo, na kazi yake ni kurekebisha hitilafu ndani ya seli. Mtu akizaliwa na moja iliyoharibika, ulinzi hupungua. Sasa, mdogo mtu akipimwa akaonekana hana kasoro, huna la kushika. Huenda ameepuka alichorithi dada yake, au huenda ukoo una kasoro nyingine ambayo kipimo hakikuigusa. Lakini mgonjwa akionekana nayo, maabara inajua ni mahali gani hasa pa kutazama kwa wengine, na hata gharama hushuka. Kama mgonjwa ameshafariki ndipo mzima huanza, na jibu lake husomwa kwa tahadhari.

Lakini si kila mgonjwa anastahili kipimo hiki. Mshauri wa jeni huanza kwa kuchora ukoo. Huuliza nani aliugua, saratani gani, akiwa na umri gani. Ugonjwa wa titi kabla ya miaka 50, saratani ya ovari katika umri wowote, mwanamume mwenye saratani ya titi, au ile aina ya titi isiyoitikia dawa za homoni wala dawa za HER2: kila moja peke yake yatosha kumpeleka mtu kwa mshauri.

Wengi wetu tukiulizwa huhesabu upande wa mama tu. Jirani yangu naye alisema, "Kwetu hakuna, mama na makhaltu wote wazima." Nikamuuliza, na kwa baba je? Akanyamaza, kisha akamkumbuka shangazi yake wa Malindi, aliyefariki na miaka 46 baada ya tumbo kujaa maji. Nyumbani walisema ni uvimbe tu. Mimi niliposikia, niliwaza ovari. Baba naweza kuibeba jeni hii bila kuugua maisha yake yote, akaipitisha kwa binti.

Damu ilitolewa, ikapelekwa nje ya nchi, na jibu likarudi: BRCA1, kasoro yenye madhara. Bahati yake lilikuwa jibu wazi. Mara nyingine maabara huandika kwamba badiliko limeonekana ila maana yake haijulikani, na sisi Waafrika hupata jibu hilo zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zilijengwa kwa damu za Wazungu. Kwa jibu la namna hiyo, mtu asikatwe titi wala ovari.

Hapo ndipo zamu ya ndugu ilipofika. Kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Mdogo wa miaka 29 hakuwa nayo, na kwake jibu hilo sasa lina maana: hatari yake ni kama ya mwanamke yeyote. Wa miaka 36 anayo. Kwa mwenye BRCA1, wanawake kama saba katika kumi huugua titi kabla ya kufika miaka 80, na wanne hivi huugua ovari. Anachunguzwa matiti kila mwaka kwa MRI na picha ya eksirei, na kwa kuwa ameshamaliza kuzaa, anazungumza na daktari kuhusu kutoa ovari, kwani hakuna uchunguzi wa kuaminika wa kuzigundua mapema. Kaka yao alikataa akisema haya ni ya wanawake. Alikubali alipoelezwa kwamba ana mabinti watatu. Anayo. Mabinti hao, pamoja na binti wa jirani yangu mwenye miaka 14, watasubiri wawe watu wazima, waamue wenyewe.

Mama yao alipimwa, hana. Kwa hiyo imetoka kwa baba, na watoto wa yule shangazi wa Malindi wanahusika moja kwa moja. Mama hataki waambiwe, asije akasikia posa za wajukuu zake zimevunjika. Daktari hawezi kuwapigia simu watu wasio wagonjwa wake. Jirani yangu amenionyesha namba ya binamu yake mkubwa, mwanamke wa miaka 39. Hajaipiga bado.