Dalali akija na hati ya mwenye jina lako

Huku kwetu pwani mtoto hupewa jina la babu, na mjukuu naye akalirithi. Ndiyo maana Mohamed Ali Omar wako wengi mtaa mmoja. Mdai akishinda kesi na dalali akatumwa kutafuta mali ya mdaiwa, majina matatu pekee yaweza kumleta mlangoni pasipo pake.

Mimi yalinifika. Dalali aliniachia hati iliyoorodhesha friji, televisheni, makochi na pikipiki, kwa deni la Sh186,000 nisilolijua. Hati kama hiyo hukupa siku 7 kabla ya vitu kuchukuliwa. Nilitia sahihi ya kupokea, na kando yake nikaandika: "Mimi siye mdaiwa." Sikulipa hata shilingi ya kumtuliza, kwani malipo kidogo yaweza kusomwa kama kukubali deni.

Kumwambia dalali "si mimi" hakutoshi. Yeye ana amri ya korti, na kinachomzuia ni korti au mdai aliyemtuma. Ushahidi umo kwenye faili ya kesi. Nilichukua nambari ya kesi kwenye hati, nikaenda masjala ya korti, nikalipa ada ndogo na kuomba kuisoma. Fomu ya mkopo ilikuwa na nambari ya kitambulisho, simu na sahihi ya mkopaji. Jina lilikuwa langu, lakini hivyo vitatu havikuwa vyangu. Nikatoa nakala.

Siku ya tatu nilimwandikia wakili wa mdai, nakala kwa dalali, nikaambatisha fomu ile na kitambulisho changu. Mara nyingine mambo huishia hapo. Wakili wangu mdai alikaa kimya, na barua haisimamishi siku kuhesabika.

Siku ya tano nikapeleka pingamizi kortini. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 22, kanuni ya 51, zinamruhusu mwenye mali iliyokamatwa kwa deni la mwingine kupinga. Huwa ni ilani, ombi na hati ya kiapo, pamoja na cheti cha dharura ili ombi lisikizwe mapema. Katika kiapo usiishie kukana deni, onyesha pia kuwa vitu ni vyako. Mimi niliweka risiti ya friji na kitabu cha usajili wa pikipiki. Kisha wahusika wote wapelekewe nakala ndani ya siku 7 tangu kuwasilisha.

Korti ilisimamisha ukamataji kwa siku 14, ambao ndio upeo wa kanuni ya 52, na kumtaka mdai aseme kama angali anaendelea. Hakujibu, na chini ya kanuni ya 53 ukamataji ukaondolewa. Angejibu kuwa anaendelea, tungesikizwa mbele ya hakimu.

Amri ile nimeiweka pamoja na kitambulisho. Deni la yule mwenzangu wa jina lingalipo, na dalali mwingine aweza kutumwa kesho.